Magurudumu yanarudi nyuma, bodi inadunda kama mpira: kutafuta chanzo katika uhuishaji wa gari

Malalamiko haya hunijia karibu kwa maneno yaleyale: "Gari linaenda mbele lakini magurudumu yanarudi nyuma." "Tairi linateleza kama liko juu ya barafu." "Gari linaonekana jepesi, kama la plastiki." Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, halafu vile visivyo vya kawaida. Mifano nimeitoa kwenye Blender kwa kuwa ndiyo ninayofanyia kazi kila siku, ila hesabu ni zilezile kwenye programu yoyote.

Gari la mfano ni moja mwanzo hadi mwisho. Nusu kipenyo cha gurudumu, tairi likiwemo, ni mita 0.32. Rimu ina spoku 5 zinazofanana. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa na picha inatoka kwa fremu 24 kwa sekunde.

Kabla hujagusa chochote, paka alama nyekundu ubavuni mwa tairi, sehemu moja tu, na uiache mpaka kazi iishe. Spoku tano zinazofanana haziwezi kukuambia gurudumu limezunguka kiasi gani, kwa sababu hujui ipi ni ipi. Alama moja itakuambia.

## Dalili ya 1: Gari linaenda mbele, magurudumu yanarudi nyuma

Swali la kwanza ni hili: gurudumu linarudi nyuma kweli, au ni macho yanayodanganywa? Punguza mwendo wa gari hadi kilomita 5 kwa saa na ucheze tena. Kama hata kwa mwendo huo wa kutambaa alama nyekundu inarudi nyuma, hesabu yako, ile fomula inayogeuza umbali wa gari kuwa mzunguko wa gurudumu, ina kosa la alama ya kutoa. Kama kwa mwendo mdogo inakwenda vizuri na tatizo linarudi ukiongeza kasi, hicho ni kiini macho cha gurudumu la mkokoteni, na hesabu yako huenda haina kosa lolote.

Usiruke kipimo hiki. Mimi niliwahi kukiruka. Niliona magurudumu yanarudi nyuma, nikageuza alama ya kutoa kwenye fomula, yakaonekana yanaenda mbele, nikaacha mashine irende usiku kucha. Asubuhi nilipoitazama picha yote, gari lilipopunguza mwendo ili lisimame magurudumu yalirudi nyuma polepole, waziwazi, mbele ya macho ya kila mtu. Nilikuwa nimeharibu hesabu sahihi ili kuficha kiini macho.

Chanzo kinachotokea zaidi: fremu ni chache kuliko mwendo wa spoku. Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.67 kwa sekunde. Gawanya kwa 0.32, upate radiani 52 kwa sekunde, ambazo ni nyuzi zipatazo 2,984. Zigawe kwa fremu 24: gurudumu linazunguka nyuzi 124.3 kati ya fremu moja na inayofuata.

Sasa tazama rimu. Spoku 5 zimeachana kwa nyuzi 72. Kila gurudumu linapozunguka nyuzi 72, picha inafanana kabisa na ile ya mwanzo. Kwa hiyo kati ya zile nyuzi 124.3, nyuzi 72 za kwanza hazionekani hata kidogo, zinabaki 52.3. Jicho nalo likiona spoku imesogea 52.3 mbele ya mahali pa spoku ya kwanza, linaona pia kwamba iko nyuzi 19.7 tu nyuma ya mahali pa spoku inayofuata. Jicho huchagua njia fupi. Linaona gurudumu linarudi nyuma nyuzi 19.7 kila fremu, yaani mizunguko kama 1.3 kwa sekunde, na kwa upole kabisa. Ndiyo maana watu huamini kuwa ni kosa la hesabu: mwendo wenyewe unaonekana laini, hauonekani kama hitilafu.

Unaweza kuikagua rimu yako kwa mistari hii michache:

```python
import math
kmh, r, fps, spoku = 60, 0.32, 24, 5
kwa_fremu = math.degrees(kmh / 3.6 / r) / fps
pengo = 360 / spoku
onekana = (kwa_fremu + pengo/2) % pengo - pengo/2
print(round(kwa_fremu, 1), round(onekana, 1))
```

Namba ya pili ikiwa hasi, gurudumu litaonekana linarudi nyuma. Ikikaribia sifuri, litaonekana limeganda huku gari likisonga. Kwa gari letu hali ya kuganda inatokea karibu na kilomita 34.7 kwa saa, kisha tena 69.5. Mwendo ukiwa kati ya 17.4 na 34.7 magurudumu yanaonekana kurudi nyuma. Kati ya 34.7 na 52.1 yanakwenda mbele. Kupita hapo yanarudi nyuma tena. Kwa hiyo gari linalofunga breki kutoka 60 hadi kusimama litabadilisha mwelekeo wa magurudumu mara kadhaa. Ukiuona mtindo huo, acha kuhangaika na fomula.

Chanzo cha pili: skrini inaruka fremu. Mashine ikishindwa kucheza fremu zote, Blender inaweza kuziruka, na unachokiona ni kiini macho cha skrini ambacho hakitakuwemo kwenye picha ya mwisho. Fungua menyu ya `Playback`, kwenye `Sync` chagua `Play Every Frame`, au renda fremu 50 kwa ubora mdogo na utazame hizo. Hukumu magurudumu kwenye faili iliyorendwa tu.

Chanzo cha tatu: mhimili umegeuzwa. Kama gari linasonga kuelekea Y chanya na gurudumu linazunguka kwenye X, mzunguko sahihi ni hasi. Hapa alama ya kutoa ina haki yake:

```
-dist / 0.32
```

Hiyo `dist` ni `Y Location` ya kitu kikuu kinachobeba gari zima. Dreva za Blender huhesabu mzunguko kwa radiani, kwa hiyo usizidishe kwa 57.3. Kuwa mwangalifu pia na magurudumu ya upande mmoja yaliyonakiliwa na kugeuzwa nyuzi 180: hayo mhimili wake wa ndani umeelekea kinyume, na alama inabadilika. Ukiona upande wa kushoto sawa na wa kulia kinyume, hata kwa mwendo mdogo, chanzo ni hicho.

### Kama ni kiini macho, rekebisha hivi

Watu wengi hukimbilia kuongeza fremu. Kwa gari letu haisaidii inavyotarajiwa. Kwa fremu 60 kwa sekunde gurudumu linasogea nyuzi 49.7 kila fremu, bado ni zaidi ya nusu ya pengo la 72, na bado linarudi nyuma. Kwa fremu 30 linakwenda mbele, lakini ni bahati ya namba tu. Badilisha mwendo kidogo na bahati inaisha.

Anza na ukungu wa mwendo. Washa `Motion Blur` na uweke `Shutter` kwenye 0.5. Shata inabaki wazi nusu ya fremu, gurudumu linazunguka nyuzi 62 wakati huo, na kwa kuwa spoku yenyewe ina upana wake, ukungu wa spoku moja unaifikia nyingine. Kinachobaki ni kivuli hafifu kinachorudi nyuma.

Ukitaka hata hicho kivuli kiondoke, gawanya pengo kwa mzunguko wa fremu moja: 72 kwa 124.3 ni 0.58. Shata ikiwa 0.58, kila spoku inapaka pengo lote, bila kupungua na bila kuzidi, na rimu inakuwa sahani laini isiyo na mwelekeo. Nakipenda sana kipimo hiki, kwa sababu hakihitaji uongo wowote: mwendo ni wa kweli, gurudumu ni la kweli. Kinadai tu kwamba kasi isibadilike katika shoti hiyo, na mkunjo wa shata uwe bapa, si wa kupanda na kushuka.

Shoti ikiwa na kasi inayobadilika, tumia hila ya zamani: punguza mzunguko wa gurudumu peke yake. Wengi huupunguza mno, wakaweka nyuzi 20 kwa fremu, na ukungu nao ukapotea, gari likaonekana linajikokota. Mimi huweka 92 badala ya 124.3. Jicho linatoa 72 na kuona 20 za kwenda mbele, lakini ukungu unahesabiwa kwa 92 nzima, kwa hiyo rimu bado inaonekana ya kasi. Fomula inazidishwa kwa 0.74 tu:

```
-dist / 0.32 * 0.74
```

Hila hii ni kwa shoti ambazo sehemu ya tairi inayogusa barabara haionekani kwa karibu. Gari linapopunguza mwendo, irudishe 0.74 hadi 1 taratibu, na iwe imefika 1 kabla ya kilomita 17 kwa saa, kwa sababu hapo macho yanaanza kuhesabu spoku moja moja. Ila ukihuisha kile kizidishi kikiwa ndani ya fomula hii, mzunguko wote wa nyuma utahesabiwa upya kila fremu na gurudumu litajizungusha ghafla. Kwa shoti ya namna hiyo, geuza mzunguko uwe fremu funguo kwa `Bake Action`, kisha urekebishe mteremko wa mkunjo wenyewe.

Simama hapa. Kama gurudumu limejaza sehemu kubwa ya picha, na mwanga mkali unapita katikati ya spoku ukiwaka na kuzima, usiipeleke hewani kwa kuitazama tu. Mmweko unaozidi mara 3 kwa sekunde ndio kikomo kinachotajwa na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, kwa sababu unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Mpe mtu mwenye kifaa cha kupima mmweko aikague.

## Dalili ya 2: Tairi linateleza juu ya barabara

Kipimo chake ni kimoja na hakidanganyi. Zungusha gurudumu hadi alama nyekundu iguse ardhi, kisha sogeza gari mita 2.01, ambayo ndiyo mzingo wa gurudumu letu. Alama iguse ardhi tena, palepale. Ikiwa imepita au haijafika, mzunguko na umbali haviendi pamoja.

Ikiwa imefika nusu tu ya safari, uliweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, nami hulitafuta kwanza. Ikiwa imekosea kwa kiasi kidogo, huenda ulipima rimu ukaliacha tairi nje, au gurudumu lilikuzwa kwa `Scale` na ukubwa haujathibitishwa. Tumia `Apply Scale`, kisha pima upya kwenye skrini badala ya kuamini namba ya zamani.

Ikiwa katikati ya safari inakwenda sawa lakini mwanzoni na mwishoni inateleza, gurudumu na gari vina fremu funguo zao tofauti, kila moja na mkunjo wake wa kuanza polepole na kumaliza polepole. Usijaribu kuzifananisha kwa mkono. Futa fremu funguo za gurudumu na uache fomula iliongoze kwa umbali.

Na kama gurudumu halizungushwi kwa fomula bali kwa fremu funguo za kwatanioni, ile `Quaternion` ya kwenye `Rotation Mode`, kutoka sifuri hadi mizunguko miwili, litakaa tuli kabisa. Kwatanioni haijui kuhesabu mizunguko. Inachukua njia fupi kati ya pozi mbili, na pozi hizo mbili ni moja. Weka `XYZ Euler`.

Njia yenye kona ina jambo lake. `Y Location` haipimi umbali wa kuzunguka kona. Gari likifuata kurva, washa `Fixed Position` kwenye `Follow Path`, soma `Offset Factor`, na uizidishe kwa urefu wa kurva. Urefu huo utaupata kwa mstari huu kwenye `Python Console`, kurva ikiwa imechaguliwa:

```python
bpy.context.object.data.splines[0].calc_length()
```

Kwenye kona kali gurudumu la nje husafiri zaidi ya la ndani. Kwa shoti ya mbali liache. Kwa shoti ya karibu, kila gurudumu linahitaji umbali wake.

## Dalili ya 3: Bodi inadunda kama mpira, au gari halina uzito

Angalia kwanza nani ni mtoto wa nani. Mara nyingi nakuta magurudumu yamefungwa kwenye bodi, kwa hiyo bodi ikipanda, magurudumu yanainuka kutoka barabarani. Bodi na magurudumu viwe ndugu, vyote chini ya kitu kikuu kimoja. Gurudumu linafuata ardhi. Bodi inafuata magurudumu, kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu springi na shokomzoba vimekaa katikati.

Hilo likiwa sawa, chanzo kinachofuata ni muda. Bodi ya gari dogo la abiria huyumba juu na chini mara 1 hadi 1.5 hivi kwa sekunde. Ukichukua 1.2, mzunguko mmoja wa kupanda na kushuka unachukua fremu 20. Watu huupa fremu 6 au 8, na hapo ndipo gari linapogeuka kuwa la plastiki.

Tuchukue tuta la sentimita 6, gari likipita kwa kilomita 20 kwa saa. Gurudumu la mbele linalipanda kwenye fremu ya 40. Linapanda mara moja na kushuka mara moja, bila kulainishwa. Pua ya bodi inafika juu kabisa kama fremu ya 45, sentimita 4. Inashuka chini ya usawa wake kwenye fremu ya 55, lakini kwa sentimita 1.5 tu, kwani shokomzoba imekwisha kula nguvu. Kwenye fremu ya 65 inainuka nusu sentimita, kisha basi. Kila mruko ni kama theluthi moja ya uliotangulia, au zaidi kidogo. Ukiona miruko minne au mitano inayolingana, gari lako lina shokomzoba zilizokufa.

Nyuma sasa. Umbali kati ya ekseli ni mita 2.6, na kwa mwendo huo gurudumu la nyuma linafika kwenye tuta baada ya fremu 11. Kwa hiyo mkia unafika juu karibu na fremu ya 56, wakati ambapo pua iko chini. Bodi inabembea kama mtumbwi juu ya wimbi. Bembea hiyo ndiyo inayolipa gari uzito, na huipati ukiipandisha bodi nzima kwa pamoja.

Kwenye barabara mbovu watu hutumia `Noise` kwenye mkunjo wa kila gurudumu, na hapo lipo kosa ambalo ni ndugu wa kile kiini macho cha spoku. Gurudumu halisi hutetemeka mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mara 12 kwa fremu 24 maana yake ni fremu moja juu, moja chini, moja juu. Picha haiwezi kuubeba mtetemo huo. Inatoa mwasho wa macho tu. Weka `Scale` isishuke chini ya fremu 4, punguza `Strength`, na uache ukungu wa mwendo ufanye sehemu iliyobaki. Gurudumu la nyuma lipe `Phase` ileile ya la mbele upande huohuo, na `Offset` ya fremu 4 kwa kilomita 60 kwa saa, kwa kuwa linapita juu ya mashimo yaleyale. Kushoto na kulia vitofautiane. Na gari likisimama, washa `Restrict Frame Range` na uifishe `Noise` taratibu kwa `Blend Out`: `Noise` inafuata saa, haijui kama gari limeegeshwa.

Simama hapa. Kama umepokea gari likiwa limefungwa mifupa na mtu mwingine, na bodi inaruka hata kwenye fremu isiyo na fremu funguo, usikate viunganishi vyake. Mrudishie aliyelifunga, pamoja na namba ya fremu na picha ya kosa. Na kama uhuishaji ni wa kuonyesha ajali kwa ajili ya mahakama au bima, hila zote za hapa hazifai, kuanzia ile 0.74 hadi sentimita 4 za pua. Namba za mwendo, breki na mdundo zitoke kwa mtaalamu wa kuchunguza ajali, nawe uzichore kama alivyozitoa.

## Dalili ya 4: Spoku zinanyooka nje ya rimu kama miale

Hii inatokea ukiongeza ukungu baada ya kurenda kwa nodi ya `Vector Blur`. Inajua kila nukta imetoka wapi na imefika wapi, lakini inaivuta kwa mstari ulionyooka. Nukta iliyozunguka nyuzi 60 ilipita kwenye tao, na mstari ulionyooka unalikata. Punguza kiasi cha ukungu wa nodi hiyo, au acha gari zima litumie ukungu wa renda yenyewe. Ukiwa `EEVEE`, ongeza `Steps` za ukungu hadi tao lionekane la mviringo. Mimi huanza na 8 na kutazama ukingo wa rimu, si katikati yake, kwa sababu pembe kali hujionyesha ukingoni kwanza.